Kumpa msaidizi akaunti ya kuhariri kurasa bila kumfungulia mipangilio wala malipo: mwongozo kamili wa WordPress

Tuchukue nyumba ya wageni iliyopo Mikindani, ukingoni mwa ghuba, yenye tovuti ya WordPress. Kurasa zake ni tano: Nyumbani, Vyumba na Bei, Safari za Baharini, Jinsi ya Kufika, na Mawasiliano. Mwenye nyumba ni mama wa makamo ambaye muda mwingi yuko shambani kwenye mikorosho yake. Anayejua leo kimebadilika nini ni dada wa mapokezi. Yeye ndiye anayejua kwamba bei imepanda kwa sababu msimu wa korosho umefunguliwa na wanunuzi wanagombea vyumba, kwamba chumba cha ghorofani kinapakwa rangi, na kwamba boti ya kwenda Ghuba ya Mnazi haitoki wiki hii kwa sababu ya upepo. Yupo pia kijana anayepiga picha za vyumba na za bahari, naye anataka kuziweka mwenyewe.

Kwa kawaida watu hawa wote hutumiwa nenosiri moja la admini kwa WhatsApp, na kazi inaendelea. Tatizo ni kwamba nenosiri hilo linafungua kila kitu: kuondoa plagini, kubadili muonekano, kuongeza watumiaji wengine, hata kumfungia nje mwenye tovuti. Hapa nitaonyesha namna ya kumpa kila msaidizi akaunti yake, abadilishe maneno na picha za kurasa, huku mipangilio ikiwa imefungwa na bili ikiwa mahali asipofika kabisa. Nitatumia WordPress iliyowekwa kwenye hosti ya kulipia, kwa kuwa ndiyo ninayokutana nayo zaidi huku Kusini.

## Malipo hayakai ndani ya WordPress

Hili lieleweke kwanza, kwa sababu wengi wanatafuta kitufe cha kuficha malipo ndani ya WordPress na hawakipati. WordPress yenyewe haijui unalipa hosti kiasi gani wala domeini yako inaisha lini. Mambo hayo yako kwenye akaunti ya mteja ya kampuni uliyonunua hosti, unakoona ankara na kulipa kwa simu au kadi. Domeini, iwe ya .co.tz au .com, husimamiwa hapohapo au kwa msajili mwingine uliyemlipa. Katikati kuna cPanel, chumba cha mafaili, hifadhidata na anwani za barua pepe za tovuti.

Kwa hiyo kuna milango mitatu inayotofautiana: akaunti ya mteja, cPanel, na WordPress. Msaidizi wa kurasa anahitaji mlango mmoja tu, WordPress. cPanel usimpe hata kama ameomba "kwa ajili ya kupandisha picha tu", kwa sababu picha zinapandishwa ndani ya WordPress. Aliye na cPanel anaweza kufungua faili la `wp-config.php` na kuona nenosiri la hifadhidata. Kwenye hosti nyingi kuna pia kitufe kinachomwingiza WordPress kama admini bila kuulizwa chochote. Ukishampa cPanel, vyeo vyote utakavyopanga ndani ya WordPress havina maana tena.

## Kabla ya kufungua akaunti, angalia barua pepe

Sehemu hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami naiona nzito kuliko zote zinazofuata.

Ingia WordPress kama admini, nenda Users, fungua akaunti yako na uangalie sehemu ya Email. Tovuti nyingi za biashara zimesajili akaunti ya admini kwa ile anwani ya jumla, yaani info@ pamoja na jina la tovuti. Sasa jiulize ni nani anayesoma kikasha hicho kila siku. Ni dada wa mapokezi, kwa sababu humo ndimo wageni wanamoulizia vyumba. Maana yake ni kwamba yeye, au yeyote anayekaa kwenye kompyuta ya mapokezi, anaweza kwenda ukurasa wa kuingilia, akabonyeza "Lost your password?", akaandika anwani hiyo, na kiungo cha kubadili nenosiri la admini kikaja mbele yake. Hatahitaji ujuzi wowote. Ikiwa akaunti ya mteja ya hosti nayo imesajiliwa kwa info@, ataingia mpaka kwenye ankara na domeini kwa njia ileile.

Basi mwenye nyumba awe na anwani yake binafsi, inayofunguka kwenye simu yake tu, na anwani hiyo iwekwe mahali panne: kwenye akaunti yake ya admini ndani ya WordPress, kwenye Settings, General, sehemu iliyoandikwa Administration Email Address, kwenye akaunti ya mteja ya hosti, na kwa msajili wa domeini. Ile ya kwenye General ukishaibadilisha, WordPress hutuma ujumbe kwenye anwani mpya, na mabadiliko hayafanyi kazi mpaka kiungo kilichomo kibonyezwe. Kiungo kisipobonyezwa, anwani ya zamani inabaki palepale, kwa hiyo rudi uhakikishe.

Iteue anwani isiyo ya domeini yenyewe. Domeini ikichelewa kulipiwa na barua pepe zake zikazimika, utashindwa kupokea ujumbe wa kukurudisha ndani saa ile unapouhitaji zaidi. info@ ibaki kwa wageni, na isifungue akaunti yoyote.

## Cheo gani kinafaa

WordPress ina vyeo vitano vinavyokuja nayo: Administrator, Editor, Author, Contributor na Subscriber. Ukisoma majina haraka utadhani Author ndiye anayefaa kwa dada wa mapokezi, kwa kuwa anaonekana mdogo kuliko Editor. Hafai. Author na Contributor wanashughulika na Posts tu, yaani makala. Ukimpa dada cheo cha Author, akiingia hataona hata neno Pages upande wa kushoto, na ukurasa wa Vyumba na Bei hataugusa.

Kwa kurasa, cheo cha chini kabisa kati ya vile vya asili ni Editor. Huyu anahariri kurasa zote, hata zilizotengenezwa na mwingine, anaongeza picha na kuchapisha. Haoni Plugins, Users wala Settings. Appearance nayo imefungwa kwake, na hilo lina matokeo ambayo ni vizuri kumweleza mapema: namba ya simu iliyo chini kabisa ya tovuti na menyu ya juu kwa kawaida si sehemu ya ukurasa wowote, kwa hiyo hataweza kuzibadili. Ukurasa uliochaguliwa kuwa wa sera ya faragha pia utamkatalia, maana WordPress inauhifadhi kwa admini. Asipoelezwa, atadhani akaunti imeharibika.

Upande wa pili, Editor ana nguvu mbili ambazo binafsi sipendi awe nazo mtu wa mapokezi. Ya kwanza ni kufuta. Ukurasa ukifutwa huenda Trash na kukaa humo siku 30, unaweza kuurudisha. Picha hazina bahati hiyo: ukiifuta picha kwenye Media, imeondoka moja kwa moja, na kila ukurasa uliokuwa ukiitumia unabaki na pengo. Ya pili ni ruhusa inayoitwa `unfiltered_html`, inayomwezesha kubandika msimbo wa aina yoyote ndani ya ukurasa. Msaidizi mwema anaweza kubandika kitu alichotumiwa na mtu asiyemjua na kukipeleka kwa kila mgeni wa tovuti.

Ndiyo maana natengeneza cheo kipya: nakala ya Editor iliyopunguzwa nguvu hizo. Kuanzia kwenye nakala kuna faida, kwa sababu kihariri cha WordPress kinategemea ruhusa nyingi ndogondogo, na ukijenga cheo kutoka sifuri utasahau moja, kisha picha zinagoma kupanda bila sababu inayoeleweka.

## Kutengeneza cheo kilichopunguzwa

Kama hosti yako ina Terminal na WP-CLI, yaani programu ya kuendesha WordPress kwa amri za maandishi, nenda kwenye folda ya tovuti na uandike amri hizi:

```
wp role create mhariri_kurasa "Mhariri wa Kurasa" --clone=editor
wp cap remove mhariri_kurasa delete_pages delete_others_pages delete_published_pages delete_private_pages
wp cap remove mhariri_kurasa delete_posts delete_others_posts delete_published_posts delete_private_posts
```

Mstari wa pili unazuia kufuta kurasa. Wa tatu unazuia kufuta makala na pia picha, kwa sababu ndani ya WordPress picha zinafuata ruhusa za makala. `unfiltered_html` sijaiondoa hapa makusudi. Ina maandalizi yake, nitayafikia.

Kama huna Terminal, weka plagini ya User Role Editor. Ukishaiwasha, nenda Users, kisha User Role Editor, bonyeza Add Role. Kwenye Role name (ID) andika mhariri_kurasa, kwenye Display Role Name andika Mhariri wa Kurasa, na kwenye Make copy of chagua Editor. Baada ya hapo kichague cheo hicho kipya juu, ondoa alama kwenye ruhusa nane nilizozitaja, kisha Update. Hakikisha jina la cheo lililo juu ni hilo jipya kabla ya kuondoa alama, usije ukapunguza Editor wa asili. Cheo hukaa kwenye hifadhidata, kwa hiyo hata ukiiondoa plagini baadaye, cheo kinabaki.

Kuna ruhusa moja ambayo watu hupenda kuiondoa wakidhani wanaongeza ulinzi: `publish_pages`. Iache. Bila hiyo kitufe cha kuhifadhi hugeuka kuwa Submit for Review, na ukurasa uliokuwa hewani unaweza kurudi kwenye hali ya kusubiri idhini, wageni wakakuta haupo, wakati dada alikuwa anarekebisha bei tu.

## Ramani inayopotea

Ukurasa wa Jinsi ya Kufika una ramani ya Google inayoonyesha njia kutoka barabara kuu ya Mtwara kwenda Lindi mpaka getini. Ramani hiyo iliwekwa kwa kubandika msimbo wa iframe, unaoonyesha kitu cha tovuti nyingine ndani ya ukurasa wako, kwenye bloku ya Custom HTML. Sasa ondoa `unfiltered_html` kwenye cheo cha msaidizi, kisha mwache afungue ukurasa huohuo na kurekebisha neno moja tu, tuseme kubadilisha "bajaji" kuwa "bodaboda". Akihifadhi, WordPress inachuja ukurasa mzima kwa kipimo cha ruhusa zake yeye, si za aliyeweka ramani. Iframe inaondolewa kimyakimya. Hakuna onyo lolote. Dada hajagusa ramani, na hataamini ukimwambia ameiondoa.

Ukisikia msaidizi anapiga simu, "Kaka, mimi nimebadilisha maneno tu, mbona ramani haipo?", usimlaumu wala usitafute hitilafu kwa Google. Sababu ni hiyo.

Dawa ni kuitoa ramani nje ya ukurasa kabla ya kuondoa ruhusa. Ingia kama admini, fungua Jinsi ya Kufika, bonyeza bloku ya ramani, fungua nukta tatu kwenye kamba ya zana, chagua Create pattern. Ipe jina, "Ramani ya getini" inatosha, acha Synced ikiwa imewashwa, thibitisha, kisha hifadhi ukurasa. Kuanzia hapo ukurasa hauna iframe ndani yake. Una rejea fupi tu inayosema ramani iko kule, na rejea hiyo haichujwi. Fanya vivyo hivyo kwa kila msimbo wa namna hiyo uliobandikwa: kalenda ya kuhifadhi chumba, kisanduku cha hali ya hewa. Video ya YouTube iliyowekwa kwa kubandika anwani yake kwenye bloku ya kawaida haina shida.

Mpaka hapo sasa ondoa ruhusa:

```
wp cap remove mhariri_kurasa unfiltered_html
```

Au ondoa alama yake kwenye User Role Editor. Baki na tahadhari moja: msaidizi asiihariri pattern yenyewe. Akiifungua na kuihifadhi, itachujwa kama ukurasa ulivyochujwa. Mwambie tu, akibonyeza ramani na kuona imezungukwa kwa rangi tofauti na bloku nyingine, aiache.

## Kumfungulia akaunti

Nenda Users, bonyeza kitufe cha kuongeza mtumiaji. Username iwe jina lake, si "mapokezi". Jina hilo halibadiliki baadaye, na akaunti ya pamoja ya "mapokezi" itakunyima kujua nani alifanya nini. Dada wa asubuhi na wa usiku wawe na akaunti mbili, na kijana wa picha ya kwake. Email iwe ya mtu mwenyewe, kwani WordPress haikubali anwani moja kwa akaunti mbili. Kwenye Role chagua Mhariri wa Kurasa. Usipochagua, tovuti itampa kile cheo cha kuanzia, ambacho kwa kawaida ni Subscriber, naye akiingia ataona wasifu wake tu.

Acha alama kwenye Send User Notification ili apate kiungo cha kujiwekea nenosiri. Kiungo hicho kinaisha baada ya siku moja. Mtu anayefungua barua pepe yake mara moja kwa wiki atakuta kimekwisha, na hapo hakuna haja ya kumfungulia akaunti nyingine: aende ukurasa wa kuingilia, abonyeze "Lost your password?" na kupata kipya. Ikiwa barua hazifiki kabisa, jambo la kawaida kwenye hosti za bei nafuu ambazo barua za WordPress huishia kwenye taka, mkae pamoja, uweke nenosiri wewe, aingie mbele yako, kisha alibadilishe mwenyewe kwenye Profile.

Kompyuta ya mapokezi inatumiwa na watu wengi, hata mgeni huomba kuprinti tiketi yake hapo. Mwambie dada asiweke alama kwenye Remember Me. Akiweka, kivinjari kinamkumbuka siku 14. Asipoweka, kikao kinakoma ndani ya siku mbili au anapofunga kivinjari. Kutoka kwa Log Out ni bora kuliko vyote.

## Plagini zenye sheria zake

Sehemu hii inahitaji macho, maana kila plagini inajiamulia ni cheo gani kiione. Mfano ninaokutana nao sana ni Contact Form 7, inayotumika kwenye kurasa za mawasiliano za tovuti nyingi. Kwa mpangilio wake wa kawaida, yeyote mwenye ruhusa ya `publish_pages` anaweza kuhariri fomu, pamoja na anwani inayopokea ujumbe. Msaidizi wetu ana ruhusa hiyo. Kwa kubadilisha mstari mmoja, maombi yote ya vyumba yanaweza kuanza kwenda kwenye barua pepe nyingine, na mwenye nyumba akadhani msimu umekuwa mbaya.

Plagini hiyo ina njia yake rasmi ya kufunga. Fungua `wp-config.php`, na juu ya ule mstari unaosema "That's all, stop editing!" ongeza:

```
define( 'WPCF7_ADMIN_READ_CAPABILITY', 'manage_options' );
define( 'WPCF7_ADMIN_READ_WRITE_CAPABILITY', 'manage_options' );
```

`manage_options` ni ruhusa ya admini, kwa hiyo neno Contact litatoweka kwa wasaidizi wote. Kama tovuti yako ina duka la WooCommerce, usimpe msaidizi wa kurasa cheo cha Shop Manager kwa kuwa jina lake linavutia: cheo hicho kinafungua mipangilio ya duka, na njia za kupokea malipo zimo humo.

## Jaribu kama wewe ndiye msaidizi

Fungua dirisha la siri la kivinjari na uingie kwa akaunti ya majaribio yenye cheo kilekile. Usitumie akaunti ya dada bila yeye kujua. Upande wa kushoto uone Posts, Media, Pages, Comments, Tools na Profile. Ukikuta jina la plagini lisilotarajiwa, hapo ndipo pa kurudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Kutoona menyu hakutoshi. Zipo plagini zinazoficha menyu tu, na anayejua anwani anaingia kama kawaida. Andika mwenyewe juu ya kivinjari jina la tovuti likifuatiwa na anwani hizi, moja baada ya nyingine:

```
/wp-admin/options-general.php
/wp-admin/users.php
/wp-admin/plugins.php
```

Kila moja ilete ukurasa mtupu wenye sentensi inayoanza "Sorry, you are not allowed". Ukifunguka ukurasa wenyewe, cheo hakijapunguzwa, kimefunikwa tu.

Kisha fanya kazi halisi: badilisha neno kwenye Jinsi ya Kufika, hifadhi, fungua ukurasa huo kwenye simu isiyoingia WordPress, tazama ramani ipo. Pandisha picha moja. Jaribu kuifuta picha nyingine kwenye Media, kitufe cha kufuta kisiwepo. Kitu kimoja bado kitawezekana: kuurudisha ukurasa kuwa Draft, jambo linaloutoa hewani. Hilo halina uharibifu, admini anauchapisha tena kama ulivyokuwa. Ukimaliza, ifute akaunti ya majaribio.

## Siku bei ilipoandikwa vibaya

Tuseme chumba cha watu wawili ni shilingi 60,000, na jioni moja yenye wageni wengi dada anaandika 6,000. Kesho yake mgeni anafika kutoka Masasi na picha ya skrini mkononi, anataka alale kwa bei hiyo. Hapa ndipo akaunti za majina tofauti zinapolipa.

Admini anafungua Vyumba na Bei kwenye kihariri. Pembeni, chini ya mambo ya ukurasa, kuna Revisions na idadi ya matoleo yaliyohifadhiwa. Akiibonyeza, anaona kila toleo likiwa na jina la aliyehifadhi na saa. Anarudi nyuma mpaka toleo ambalo upande mmoja unaonyesha 60,000 kwa wekundu na mwingine 6,000 kwa kijani: palepale ndipo kosa lilipoingia. Toleo la kabla yake ndilo sahihi, na kitufe cha Restore This Revision kinalirudisha. Kabla ya kubonyeza, soma kama baada ya kosa hakuna marekebisho mengine mazuri, kwa sababu Restore inarudisha ukurasa mzima. Kama yapo, ni rahisi zaidi kuandika sifuri iliyokosekana kwa mkono. Msaidizi naye anaona Revisions za kurasa anazoruhusiwa, mfundishe afanye mwenyewe.

Kwa nenosiri la pamoja, kila toleo lingekuwa na jina la admini, na mazungumzo ya asubuhi hiyo yangekuwa ya kushukiana.

## Msaidizi anapoondoka

Dada akipata kazi Lindi mjini, usisubiri mwisho wa mwezi. Fungua akaunti yake kwenye Users, badilisha Role iwe "No role for this site" na uhifadhi. Hilo linafanya kazi papo hapo, hata kama bado yuko ndani kwenye simu yake. Shuka chini ubonyeze Log Out Everywhere. Hapohapo chini kuna Application Passwords, nywila za programu nyingine kuingia kwa jina lake: ukikuta yoyote, bonyeza Revoke, kwani hizo hazifi kwa kubadilisha nenosiri la kawaida.

Kuifuta akaunti si lazima, na mimi huiacha bila cheo ili jina libaki kwenye Revisions. Ukiamua kuifuta, WordPress itauliza kazi zake zifanywe nini. Chagua Attribute all content to na uweke jina la mwenye nyumba. Ukichagua Delete all content, kurasa alizozianzisha yeye na picha alizopandisha zitaondoka pamoja naye, na safari hii ni wewe admini uliyezifuta.

Mwisho badilisha nenosiri la kikasha cha info@, maana hilo alikuwa nalo, kisha mpe dada anayemfuata.